Ishirini kwa Ishirini

Mimi Semeni nina ulimi, nakiri. Na mwaka huu ulimi wangu ulipata mshauri wa simu, ndipo tukaharibikiwa.

Mimi ni muuguzi wa zahanati moja huko Mwera. Jumatatu alfajiri naondoka kwangu Usagara, Tanga mjini, Jumamosi narudi. Baba wa watoto alishafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu watatu: mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, na wanangu wawili. Hafsa ana miaka kumi na minne, Luqmani kumi. Kila nikirudi nakuta vyombo vimekauka ugali, madumu matupu, na kila mmoja anamtupia mwenziwe lawama. Nikachoka.

Bryson wa maabara ndiye aliyeniwekea ile programu. Unaandika kazi za kila mtoto na saa yake. Saa ikifika, simu ya nyumbani inalia na kutaja jina: Hafsa, vyombo. Mtoto akimaliza anabonyeza alama ya vema. Asipobonyeza, inalia tena baada ya nusu saa, na asipobonyeza hapo napo kazi inahesabika haikufanyika. Ijumaa jioni mimi napata muhtasari wa juma. Niliwapa kazi nne kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Yaani ishirini kila mtoto.

Juma la kwanza: Luqmani kumi na nane kwa ishirini. Hafsa saba.

"Saba!" nikamwambia Jumamosi, hata mkoba sijautua. "Mtoto wa kike mzima! Mdogo wako anakushinda?"

"Nisamehe mama," akasema. Basi.

Juma la pili, tisa. La tatu, sita. Niliutazama ule muhtasari kituoni kwangu Mwera mpaka macho yakaniuma. Kazi ya saa kumi alasiri, vyombo, alikuwa haifanyi hata siku moja, na za jioni zilizofuata nyingi zilimpita. Saa kumi Luqmani yuko chuoni anasoma Kurani, nyumba imetulia, nikajiuliza huyu binti anafanya nini saa hiyo. Na mama wa binti wa miaka kumi na minne akijiuliza hivyo, jibu analopata ni moja tu. Nikajaa sumu.

"Likizo hii ya Juni unakwenda Pangani kwa mama yako mkubwa Zuwena," nikamwambia. "Ukanyooshwe."

Hafsa hajawahi kunibishia, ila siku hiyo alipiga magoti. "Mama, nipige. Nipe kazi arobaini. Ila usinitoe hapa, niache na bibi."

"Bibi anaye Luqmani, anayefanya kazi."

Akamgeukia bibi yake. Bi Mwanakombo alikuwa mkekani anasuka ukili, na hakuinua uso. Siku zote hao wawili walikuwa watani, bibi akimwita "mke mwenzangu" na kumsuta kwa kumwibia mume, nyumba nzima inacheka. Siku hiyo alisuka tu. Mimi nikachukulia kwamba hata yeye ameniunga mkono.

Hafsa akaondoka Jumapili. Ijumaa iliyofuata, ukaja muhtasari: Luqmani, ishirini kwa ishirini. Chini yake, kwa herufi za rangi: Hongera, kazi zote zimekamilika. Nilimwonyesha Bryson. Nilimwonyesha hadi mama mmoja aliyeleta mtoto kupimwa uzito. Yallah, nilivyojisikia mzazi!

Jumamosi nafungua mlango, nakutana na moshi wa udi mzito wa kukaba koo. Vyombo vinang'aa. Madumu yamejaa. Luqmani amekaa barazani, uso umemshuka.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Ndani. Tangu juzi hatoki. Ananiambia niache chakula mlangoni, nisiingie. Anafukiza udi tu."

Niliingia. Alikuwa amejifunika kanga tatu, akazishika kwa nguvu nilipotaka kuzifunua. "Mkwe wangu," akanisihi, "usinivue. Nakuomba." Chini ya udi ilikuwako harufu ninayoijua kazini kila siku. Shuka zilikuwa zimelowa na kukauka na kulowa tena. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama gome. Kumbe aliacha kunywa maji ili asijikojolee, kwani hakuwa na wa kumbadilisha. Katika joto lile la Tanga! Mimi ninayewasafisha watu nisiowajua jina, mama wa mume wangu alinionea haya mpaka akakubali kiu.

Tulimkimbiza hospitali, wakamtundikia dripu. Daktari akasema figo zimechoka. Jumanne alfajiri akatutoka.

Hafsa na dada yangu Zuwena walifika kabla ya adhuhuri, maji ya kuoshea yakiwa tayari. Bi Hadia, mwosha maiti wa mtaani kwetu, alikuwa ameingia na wanawake wawili, mimi wa tatu. Hafsa akasogeza pazia akaingia.

"Toka nje, mwanangu," Bi Hadia akamwambia. "Wewe mdogo, utaogopa."

"Siogopi," Hafsa akasema. "Mimi ndiye ninayemwosha."

"Unamwosha tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Kila siku saa kumi, Luqmani akienda chuo; mama akiwepo, usiku akishalala. Namwosha, nafua shuka, naanika uani nyuma zikauke kabla ya magharibi." Hakunitazama. "Nyonga ya kushoto inamuuma, msimgeuze kwa upande huo."

Bi Hadia akasogea, akampisha nafasi kwa upande wa kulia.

Nilishika beseni la maji. Saa kumi. Vyombo, saa kumi. Simu inalia inamtaja jina, na mikono yake iko kwenye mapovu ya shuka za bibi yake. Hasira zangu zote za saa kumi!

Usiku wa matanga nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia, Hafsa?"

"Bibi aliniapisha. Alisema mke wa mwanangu asije akaijua aibu yangu, nitakufa kwa haya. Mjukuu ni mtani, mjukuu anaweza kujua." Akaanza kukunja mkeka. "Na wewe hukuniuliza nilikuwa nafanya nini, mama. Ulisema saba, ukasema tisa, ukasema sita."

Nilimwomba radhi, nikilia. Akasema nimekusamehe mama, kwa adabu ileile, kama anavyomjibu mgeni.

Siku hiyohiyo ningeifuta ile programu, lakini yeye ndiye aliyekataa. "Iache. Inatusaidia." Sasa ni miezi miwili. Kila Ijumaa jioni, muhtasari unaingia kituoni Mwera: Luqmani kumi na saba, Hafsa ishirini kwa ishirini. Hachelewi hata nusu saa. Bryson ananipongeza, naitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyopita nilifika mapema. Nilimkuta jikoni anapanga vyombo. Macho yake yalikuwa mekundu, si ya moshi, maana jiko lilikuwa halijawashwa. Kipande cha kanga ya bibi yake kilikuwa kimechungulia kwenye mfuko wa gauni lake.

"Mwanangu," nikamwambia, nikaketi kwenye kibao karibu yake. "Juma hili umefanya nini? Niambie. Mimi nataka kusikia kwako."

Akafuta sahani ya mwisho, akaiweka juu ya nyingine taratibu.

"Yote yamo kwenye simu, mama," akasema, akaenda kujaza madumu.