Jina la Mkwe kwenye Fomu ya Viza

Mwaka ule wa 1956, Casimir, karani wa bureau, ofisi ya serikali ya Fizi, alikuwa na tai mbili na akili nusu. Tai alizibadilisha. Ile nusu aliivaa hivyo hivyo.

Ndiye aliyemjazia Mama Kulthumu fomu ya viza ya Waingereza. Mama Kulthumu, mjane wa Baraka, alitaka kuvuka ziwa kwenda Ujiji, upande wa Waingereza, maana binti yake Latifa alikuwa na mimba ya miezi minane, na mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Casimir alijua Kifaransa cha kusalimia, akasema lugha za wazungu zote ni ndugu. Fomu ikarudi kutoka kwa Waingereza wa Usumbura imechorwa mistari myekundu kama mgongo wa mwizi, pamoja na fomu nyingine moja tupu. Moja tu.

Mama Kulthumu akaniletea mimi, Casimir nyuma yake, nikasema hii tusiiharibu. Tuipige picha, tujaribu majibu kwenye picha kwanza. Fabien, mpiga picha wa Baraka, hajawahi kukata miguu ya mtu katika picha, kwa hiyo aliisimamisha fomu kitini kati ya maua ya karatasi, akarudi nyuma mpaka karibu afike mji wa Nundu, akapiga. Kiti kilitoka vizuri sana. Maandishi yalikuwa kama mchwa. Nikaomba kioo chake cha kukuzia, nikaanza kusoma. Kiingereza nilikiokota Kigoma kwenye stesheni, miaka sita nikibeba makasha na kusoma yaliyoandikwa juu yake.

"Hapa juu wanataka jina la ukoo, halafu majina mengine, kwa herufi kubwa," nikamwambia. "We uliandika nini, Bwana Karani?"

"Mama Latifa," akasema Casimir. "Baraka yote banamwita hivyo."

"Mwingereza hakai Baraka! Anataka jina kama liko kwenye paspoti, bila kuongeza hata nukta. Na kuzaliwa, paspoti inasema 1908, tuandike 1908."

"Mi sijui kama ni kweli," akasema Mama Kulthumu.

"Hata wao hawajui, mama. Wanataka tu karatasi mbili zisigombane."

Tukashuka chini kwenye fomu. Sababu ya safari: Casimir alikuwa ameandika "kwenda". Nikacheka mpaka kioo kikaanguka. Nikaeleza kuwa pale panataka jambo lenyewe: kumuuguza binti anayejifungua. Muda wa kukaa: alikuwa ameandika "Mungu akipenda".

"Si ndiyo adabu?" akauliza Mama Kulthumu.

"Adabu, mama. Lakini kisanduku kinataka hesabu ya siku. Tuweke tisini. Mungu ataona mwenyewe."

Kisha tukafika pale palipochorwa wekundu mara mbili: jina na anwani ya mtu atakayempokea. Casimir alikuwa ameandika "mutu wa Ujiji".

"Anwani iko, nyuma ya soko," nikasema. "Mwenye nyumba ni nani?"

Mama Kulthumu akatazama chini. "Ni mukwe wangu."

"Jina lake?"

"We Placide, umezaliwa wapi? Mi nitaje jina ya mukwe?"

Kwetu mama hataji jina la mkwe wake, na harusi ilifanyika Ujiji. Sisi wote hatukumjua. "Basi tuache wazi," akasema Casimir. Huyo ndiye mtu aliyelipwa na serikali kujaza karatasi!

"Wazi itarudi tena, na mimba haingoji posta," nikamjibu. "Mama, mkwe akiingia nyumbani we unafanyaga nini?"

"Najifunika, natoka."

"Basi tutaita majina. Likiingia lake, we fanya hivyo hivyo."

Nikaanza: Ramazani, Mashaka, Sudi, Almasi. Nilitaja majina mia mbili, na sidanganyi sana. Fabien akasaidia. Casimir naye akatia Henri na Roger, kwa Muislamu wa Ujiji! Mama Kulthumu ametulia kama jiwe la kusagia.

"Lukmani," nikasema, sauti imeshaniisha.

Akavuta kitenge usoni, akainuka, akatoka nje.

"Anatoroka!" Casimir akapiga kelele.

"Ametaja, wewe! Andika kwenye picha."

Akaandika, nikakagua herufi moja moja, ndipo nikahamisha yote kwenye fomu halisi kwa mkono wangu. Mama Kulthumu akarudi, akaweka dole gumba pale pa sahihi, mahali ambapo Casimir mara ya kwanza alikuwa ametia sahihi yake mwenyewe, yenye mikia mitatu.

Siku ya kumi na moja paspoti ikarudi imegongwa muhuri. Mama Kulthumu akavuka Jumatatu. Alhamisi Latifa akajifungua mtoto wa kike, mzima, mikononi mwa mama yake. Barua ilipofika, Casimir akaisomea Fizi nzima, akisema viza ile aliijaza yeye.

Nikamuuliza mbele ya watu muda wa kukaa ni kisanduku cha ngapi. Akasema ana kazi bureau, akaondoka na tai yake.