Mshale wa Redio

Watu wananiambia kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nawajibu wanyamaze. Ndihokubwayo hakuwa mtu wa kula wenzake. Walimtisha mpaka akawa hamtambui tena ndugu. Lakini kumsamehe, aa, huko sijafika.

Mimi ni Akimana, mzaliwa wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako hata ugomvi ni wa Kiswahili. Niliolewa Kigali na Cassien, seremala, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, tukapanga nyumba Remera, nyuma ya Gisimenti. Nilikuwa nauza maharage na unga pale barabarani, na mbele ya magunia yangu kulikuwa na kibanda cha Ndihokubwayo, fundi redio. Naye ni wa Buyenzi. Mama yake na mama yangu walichota maji bomba moja. Aliniita dada, nikamwita kaka, na chai yetu ilitoka chupa moja.

Huo ulikuwa mwaka wa 1992, na vita vya serikali na waasi huko kaskazini vilikuwa havijaisha. Mkuu wa seli yetu, yaani wa kipande chetu cha mtaa, alikuwa Jean-Berchmans, mtu mpole wa sauti, na alijua kila usiku nani kalala nyumba gani. Ukipata mgeni, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, ulimpeleka kwake na kitambulisho kabla jua halijazama, aeleze katoka wapi na anaondoka lini. Mdogo wangu alipokuja na mimba, aliulizwa mimba ni ya nani. Akajibu, maana angefanyaje? Nilisimama pembeni nikiona haya, kama vile mimi ndiye niliyevuliwa nguo.

Jioni, saa ya habari, Jean-Berchmans alipita nyuma ya nyumba zetu taratibu, mikono mgongoni. Redio ya taifa ikilia kwa nguvu, alipita. Redio ikinong'ona, alisimama. Waasi nao walikuwa na redio yao kwenye masafa mafupi, na aliyeisikiliza alishusha sauti. Basi sisi sote tukawa tunafungulia redio ya taifa mpaka watoto wanashindwa kulala, na wala hakuna aliyekuwa anaisikiliza.

Kisha akawageukia mafundi redio. Alipita kibanda kwa kibanda akiwaagiza: redio ikiletwa, kabla hujagusa kitu, tazama mshale wa stesheni umesimama wapi. Ukisimama kwa waasi, niambie siku hiyohiyo nani kaileta. Alijua anachofanya. Redio hufa mtu akiwa anasikiliza, na wengi husahau kuuondoa mshale pale ulipokuwa.

"Dada, mimi nilijifunza kutengeneza," Ndihokubwayo aliniambia. "Kuchongea sikufundishwa."

Na kweli hakuchongea. Redio ikitua mezani, macho yake yalitazama barabarani huku kidole gumba kikizungusha kitufe, mshale ukarudi kwenye redio ya taifa. "Karibu nyumbani," alikuwa akiuambia. Tulicheka sana. Nilimpenda kwa hilo, nasema bila kuficha.

Hatukujua kwamba anayechunguza naye anachunguzwa. Kwenye kibanda cha fundi Évode, kule chini, alifika mama mmoja nadhifu na redio iliyokufa, mshale uko palepale pabaya, wazi kabisa. Évode akaurudisha, akatengeneza, akanyamaza. Kumbe yule mama ametumwa. Évode alichukuliwa, na aliporudi mkono wake wa kulia haukuweza tena kushika pini ya kulehemu. Tangu hapo Ndihokubwayo akaacha mzaha. Chai alikuwa akiinywa amegeukia ukutani, nami nikadhani anamsikitikia mwenzake.

Cassien wangu alikuwa anasikiliza ile redio nyingine. Ndiyo, alisikiliza. Redio ya taifa ilitangaza ushindi, na barabarani tuliona waliokimbia makwao wakija na magodoro kichwani. Baba mwenye watoto akitaka kujua vita vimefika wapi, huo ni uhaini gani? Alijifunika blanketi yeye na redio yake, na mimi nilimtania kwamba ameoa mke wa pili.

Jioni moja redio ikanyamaza. Asubuhi akaniambia, "Kabla hujaipeleka, rudisha mshale."

"Naipeleka kwa Ndihokubwayo," nikamwambia, "siyo kwa askari jandarme."

Sikuurudisha. Niliifunga ndani ya kitenge, nikaiweka juu ya meza ya kaka yangu. Akautazama mshale, akanitazama mimi. Mikono aliiacha mapajani.

"Dada, nani amekutuma?"

Nikacheka, nikamjibu kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi. "Cassien iko nanituma. Anasema mke wake wa pili amekataa kuongea."

Hakucheka. Akasema nirudi kesho. Nikarudi kwenye maharage yangu, nikauza vizuri siku ile.

Jua lilipokuwa linazama walikuja wanaume wawili na Jean-Berchmans. Alinisalimia, akauliza habari za watoto, akasema ni maswali tu. Cassien alikuwa anaosha miguu. Aliondoka na unyevu miguuni, ndani ya viatu bila soksi. Aliponipita alinitazama, na macho yale yaliuliza jambo moja tu: mshale.

Asubuhi nilimkuta Ndihokubwayo ameketi bila kazi. Nilitaka kumpiga. Nilishika pini yake ya moto nikaitupa barabarani.

"Nilidhani umetumwa," akasema. Machozi yalimtoka bila sauti. "Évode aliletewa hivyohivyo, mshale wazi. Mtu anayeogopa angeurudisha. Wewe hukuogopa. Nikasema wamemtumia Akimana, kwa sababu wanajua sitamshuku Akimana. Nikawahi kwa Jean-Berchmans."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza, dada. Ukacheka."

"Sikuurudisha kwa sababu ni wewe," nikamwambia. "Wewe, Ndihokubwayo. Ndiyo sababu yote."

Wapo wanaosema kosa ni langu. Kumwamini mtu wa kwetu si kosa, na siwezi kulitubu. Kosa ni la waliotufikisha mahali ambapo mtu asiyejificha ndiye anayetiliwa shaka.

Nilipeleka chakula kwenye lango nililoelekezwa. Askari alikipokea, vyombo havikurudi. Mvua zilianza, zikaisha. Kisha siku moja Cassien akaingia uani kwa miguu yake, amekonda, meno mawili hayapo. Nilimshika nikalia hadi watoto wakaogopa. Walimtendea nini, hakusema. Walimwachia kwa sharti gani, hakusema pia, na mimi, mjinga wa furaha, sikuuliza.

Jioni ile, kwa redio aliyorudi nayo, alifungulia redio ya taifa kwa nguvu. Jean-Berchmans alipopita, Cassien alitoka mwenyewe kumfuata. Walisimama kwenye ua wa miti ya miyenzi wakiongea chini chini, vichwa vimekaribiana. Mume wangu alikuwa anaongea zaidi. Aliporudi alikaa, akala maharage yake yote, akafuta mdomo.

"Leo umeongea na nani?" akaniuliza.

Alikuwa haniangalii. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniuliza hivyo. Mchana ule, bombani, jirani yangu Kabagwira alikuwa amenishika mkono akaninong'oneza kwamba kaka yake amevuka mpaka kwenda kwa wale wa upande wa pili, na kwamba hana mwingine wa kumwambia ila mimi.

Nikatazama mikono ya Cassien, mikono niliyoijua kuliko yangu.

"Sijaongea na mtu," nikasema.