Vyumba Vitano vya Kadzo

Kofi la kwanza lilimpata Kadzo akiwa ameishika kadi yenye swali la figo. La pili lilimwangusha kutoka kwenye kigoda.

"Sema, leo unafungua chumba cha ngapi?" Chengo, kaka yake, alifoka.

"Cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kaka, ni masomo tu haya!"

"Cha tatu!" Akamgeukia mama yao, Mwanapili, aliyekuwa akisonga sima. "Umemsikia? Cha tatu, na mbuzi mwingine amekufa!"

Loo, mtu na hesabu zake! Kadzo hakuwa na simu ya kusomea. Mwalimu wake wa biolojia, Bi Mbinya, ndiye aliyemfundisha kukata karatasi ya manila vipande, swali mbele, jibu nyuma, na kuligawa boksi la viatu vyumba vitano. Kadi ukiijibu, inasonga chumba kimoja mbele. Ukiikosea, hata kama imefika cha tano, inarudi cha kwanza. Cha kwanza unakifungua kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu kila baada ya nne, cha nne kila baada ya nane, cha tano kila baada ya kumi na sita. Ili asisahau, Kadzo aliandika nambari za vyumba kwenye kalenda ya ukutani. Ukame ulikuwa ukimaliza mbuzi Kinango nzima, lakini Chengo aliitazama ile kalenda, akaona mbuzi wake watatu wamekufa siku zilizoandikwa nambari tatu. Waliokufa siku nyingine hakuwahesabu.

"Unatulogea mifugo!" Fimbo ya kuchungia ikamshukia Kadzo begani, kisha mkononi. Kidole kikalia ka! Kadzo akapiga yowe. Chengo akalipiga boksi teke, likapasuka, na nusu yake ya nyuma ikaingia jikoni, katikati ya mafiga.

Kadzo alijitupa motoni. Mtihani ulikuwa Jumatatu, na miezi minane ya jasho lake ilikuwa mle ndani. Kwa mkono ule ule ulioumia, alichomoa majivu na malengelenge. Chengo akamvuta nywele, akainua fimbo tena, na hapo Mwanapili akampiga mwanawe mwiko wa usoni, sima ya moto ikamganda shavuni.

"Mpige tena uone kama sitakuua mimi niliyekuzaa!"

Chengo akarudi nyuma, analia kwa maumivu. "Basi zimeungua. Tumepumua."

Kadzo alitambaa, damu inamtoka puani, akaziokota kadi zilizotawanyika sakafuni. Za chumba cha kwanza. Za cha pili. Akazihesabu, akahesabu tena, akaanza kucheka, kicheko cha kumtisha hata mama yake.

"Kaka, umechoma za nyuma," alisema. "Zile ninazozijua. Nisizozijua umeniachia zote."

Akampa mama yake kadi ya figo, kwa mkono ule mzima.

"Niulize, mama."