Wastani wa Marehemu

Programu ilikwenda vizuri mpaka mstari wa mwisho kabisa, ikagoma. Ililalamika kwamba imeambiwa igawanye kwa sifuri.

Mwalimu wa kompyuta alisonya. Programu ile aliiandika mwenyewe na aliijua nje ndani. Inafungua faili la maksi, inaruka mstari wa kwanza wenye majina ya masomo, kisha inasoma mwanafunzi mmoja mmoja. Kila mstari inaukata penye mkato. Kipande cha kwanza ni jina, vinavyobaki inavigeuza kutoka maandishi kuwa namba, inavijumlisha, inagawanya kwa idadi yake. Pakiwa patupu, mikato miwili imeshikana na katikati hamna kitu, inaparuka na haipahesabu kwenye kugawanya. Hilo yeye ndiye aliyelishikilia kikaoni, kwamba mtoto aliyeumwa siku ya Jiografia asibandikwe sifuri kama mtoro.

Sasa mstari wa mwisho ulikuwa na jina, halafu mikato mitupu. Hakuna hata maksi moja. Aliipigia ofisi ya taaluma simu ya mezani.

"Mwalimu, Mkia hana maksi za somo lolote."

Mkia ni msichana mmoja mrefu, mtundu, ambaye jina lake huwa la mwisho kila orodha inapopangwa kialfabeti, na walimu wenyewe ndio waliompa jina hilo, kisha wakajifanya kuwakemea wanafunzi wanaolitumia.

"Nimeona," akajibu mwalimu wa taaluma. "Nilipobandika, kila somo chini kabisa palibaki wazi. Katoroka mtihani, yule. Huoni ni kawaida yake? Andika hakufanya. Asiye na wastani anarudia darasa, basi. Mimi nataka orodha ubaoni kabla hawajatoka."

Basi akaongeza sharti: kama idadi ya maksi ni sifuri, usigawanye, andika HAKUFANYA. Akaendesha upya. Majina yakashuka kwenye skrini na wastani zao, na chini yake wastani wa darasa zima, yaani wastani wa wote waliopata wastani: hamsini na nane nukta tatu.

Katikati ya orodha alikuwamo binti yake. Sabini na nne.

Binti yake walimzika likizoni. Homa ya siku chache tu, mtoto akaenda, na muhula ukafunguliwa kama kawaida, kwani muhula hauna haya. Ofisi ililitoa jina lile kwenye daftari la mahudhurio. Faili la kompyuta lilikuwa chini ya mama mtu, na wakamwambia kwa upole, ukiwa tayari, Mama. Hakuwa tayari. Kila alipoufikia mstari ule kidole kiligoma, akajiambia kwamba mstari usio na maksi haumdhuru mtu.

Sasa ulikuwa na maksi. Akafungua faili, akasoma. Hisabati themanini na moja, Sayansi sabini na nne, Kiswahili sitini na sita, Jiografia sabini, Historia sabini na tisa. Akajumlisha kichwani, mia tatu na sabini, akagawa kwa tano. Hesabu ilikuwa sawa.

Chumba cha kompyuta kilikuwa kimya kwa namna asiyoipenda. Kiti cha mashine iliyo karibu na dirisha, ambacho kilikuwa cha binti yake na hakuna mwanafunzi aliyekuwa anakikalia tangu shule ifunguliwe, kilikuwa kimegeuka kidogo, kama mtu aliyeinuka sasa hivi. Huenda ni mfagiaji. Aliogopa kukiangalia, na akaogopa zaidi kutokiangalia.

"Mama," akanong'ona, kwani ndivyo alivyozoea kumwita bintiye, "umekuja kufanya mtihani?"

Niseme ukweli, alifurahi. Hofu ilikuwepo, na chini ya hofu ile palikuwa na furaha ya mzazi anayeletewa ripoti nzuri. Sabini na nne! Alitamani kumpigia simu baba mtu.

Mlango ukagongwa. Akaingia Mkia, macho mekundu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ofisini wanasema sijafanya mtihani."

"Marahaba. Kwani ulifanya?"

"Haki ya Mungu nilifanya yote! Hisabati nilikaa nyuma ya Profesa, ulizeni. Mwalimu, nikirudia, baba kasema ndiyo mwisho wa shule kwangu. Nitoroke mwaka huu, kweli? Mwaka huu?"

Profesa ni kijana wa hesabu, wa pale darasani; jina lake la utani linajieleza. Mwalimu alimtafuta kwenye faili aone kama naye alifanya. Alikuwa mstari mmoja chini ya binti yake. Hisabati: thelathini na nane.

Profesa, thelathini na nane! Na binti yake themanini na moja. Mtoto aliyelia machozi kwa ajili ya sehemu na desimali, ambaye maisha yake yote hakuvuka arobaini, na siku aliyopata thelathini na tisa alirudi nyumbani akicheza.

Hapo akaelewa, na angetoa chochote asielewe. Walimu wa masomo hawaandiki majina. Kila mmoja hufuata daftari la mahudhurio, anaorodhesha namba tupu kutoka juu hadi chini, anapeleka ofisini. Mwalimu wa taaluma anaichukua safu nzima na kuibandika pembeni ya majina ya kwenye faili. Daftari halina marehemu. Faili linaye. Kuanzia kwake kwenda chini, kila mtu amevaa maksi za aliye chini yake, na Mkia, wa mwisho, hakubakiwa na kitu.

Themanini na moja ilikuwa ya Profesa. Mwanawe hakuwa amekuja.

"Mwalimu?" Mkia aliuliza. "Mnalia?"

"Kaa hapo. Usiende popote."

Ukweli ni kwamba alisita. Mtoto wa mtu alikuwa amekaa mbele yake anafikicha vidole, na yeye alisita, kwani bado kidogo tu, orodha ile ile ingebandikwa ubaoni na binti yake angesomwa miongoni mwa waliofaulu. Aliona aibu. Akazishika maksi zote kuanzia mstari wa binti yake hadi chini, akazishusha mstari mmoja, akaendesha.

Mkia akapata hamsini na mbili. Alipiga ukelele, akaziba mdomo, akamwangalia mwalimu kama anaomba ruhusa ya kufurahi. Pembeni ya jina la binti, programu iliandika kama ilivyofundishwa: HAKUFANYA.

Hilo hakuweza kulivumilia ubaoni. Akaushika mstari ule, na safari hii kidole hakikugoma. Akafuta, akahifadhi, akaendesha kwa mara ya mwisho. Aliyekuwa juu ya binti yake sasa alifuatwa na Profesa moja kwa moja, na hapakuonekana hata ufa.

Mkia akakimbilia ofisini, na punde simu ikalia.

"Nasikia kulikuwa na kosa," alisema mwalimu wa taaluma. "Pole sana, Mama. Sikufikiria. Wastani wa darasa nao umebadilika? Nishampa Mkuu ule wa kwanza."

Aliangalia chini ya orodha. Maksi ni zile zile, watu ni wale wale waliozipata, zilikuwa zimekaa tu pasipo pake.

"Haujabadilika," akasema. "Hamsini na nane nukta tatu. Kwa darasa ni kama hakuondoka mtu."