Hesabu ya Magige

Mimi si mtu wa mizimu. Nimezaliwa Musoma mjini, nyuma ya studio ya baba yangu, mzee Hamduni mpiga picha, na tangu nikiwa mdogo nimeona watu wakijitokeza kwenye karatasi ndani ya sinia la dawa, wazima kwa wafu, wala sikuwahi kukimbia. Kwa hiyo Mama Matiko aliponiletea picha ya marehemu mwanawe na kuniambia kwamba kijana hapumziki, nilimjibu kwa ukali wangu wa kawaida kwamba picha ni karatasi, haipumziki wala haichoki.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane. Nilikuwa nafundisha darasa la akina mama huko Kigera, kwenye baraza la nyumba ya tajiri mmoja wa dagaa. Serikali ya Mwingereza ilitoa ubao na chaki, sauti nilitoa mimi. Wanafunzi wangu walifika alasiri, wamekwisha kulima na kuanika dagaa, na karibu wote walitaka kitu kimoja, kuandika majina yao. Mama Matiko hakutaka jina. Alikuwa mjane wa Butiama, jina lake la kuzaliwa Nyangi, amehamia Kigera kwa binti yake Matiko. Alitaka kusoma picha.

Nilipoishika nikaitambua kazi ya baba. Darasa la shule moja huko kwao Butiama, watoto wamekaa wima wamegeukia kamera, na mbele ya darasa kijana amesimama ubaoni na chaki mkononi. Kila mtoto anaonekana uso isipokuwa yeye. Ametupa mgongo. Shati lake limechanika begani, na juu ya bega hilo maandishi yake yanasomeka vizuri kabisa:

1/6 + 3/10 = 5/30 + 9/30 = 14/30 =

"Hivi vijiti viwili vya mwisho vinasemaje?" Mama Matiko akauliza, akigusa alama kwa ncha ya kidole.

"Ni sawasawa na."

"Sawasawa na nini?"

"Hapo hakuandika, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa analijua. Kisha akanieleza. Juma lililofuata baada ya picha, kijana huyo, mwanawe Magige, alikwenda Manyamanyama kupeleka pamba ya mjomba wake, akarudi na homa, wala hakuinuka. Shule ikampa mama picha. Hana nyingine. Na tangu hapo anamwota.

"Anakujaga vilevile, Mwalimu. Mgongo. Naita, Magige, Magige, hageukagi. Anaandika tu. Na mimi uso wake umeanza kunitoka."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipata. Ukali wote ukanitoka nikabaki nimeishika picha ya watu.

Nilipomwonyesha baba, aliitazama muda mrefu kuliko anavyotazamaga kazi zake. "Huyu namkumbuka," alisema. "Bwana elimu alitaka picha ya darasa likifanya kazi. Nikamwambia kijana, geuka tukuone. Akasema, ngoja nimalize. Nikamwambia tena. Akasema, ngoja, mzee, nimalize. Jua lilikuwa linanikimbia, Shani, nikabonyeza. Nilipomaliza kufunga vyombo mwalimu wake akafuta ubao, akawatoa watoto nje wamchezee bwana elimu ngoma."

Nilimpelekea Mama Matiko maneno hayo nikidhani yatamtuliza. Ujinga wangu! Uso wake ulikunjuka kabisa, lakini si kwa utulivu, bali kama mtu aliyepewa kazi.

"Basi hajamaliza," alisema. "Ndiyo maana."

Nikamwambia jibu nalijua mimi, namwandikia sasa hivi. Alinishika mkono wenye chaki. Kwao, alisema, mtu akifa shamba limebaki, palizi inamalizwa na damu yake. Hawaiti kibarua. "Wewe ni mwema, binti yangu, lakini ni kibarua."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nikimfundisha hesabu za sehemu mwanamke ambaye alikuwa bado anaandika tarakimu ya tano kinyumenyume.

Nilianza vibaya. Nilimwambia asili, yaani namba ya chini, zikitofautiana huwezi kujumlisha. Akauliza kwa nini. Nikasema ni kanuni. Akanitazama tu, na mwenzake Mwanaupe, fundi wa kushona vitambaa vya mto na wa kunicheka, akasema, "Mwalimu kaishiwa." Nikachukua mahindi.

"Haya. Sita na kumi hazielewani. Moja kati ya sita ni kipande kikubwa, moja kati ya kumi ni kidogo. Ukivihesabu pamoja umehesabu mbuzi na kuku. Tutafute namba ambayo wote wawili wanaifika."

"Kama mnada," akasema Mama Matiko.

"Mnada vipi?"

"Mchuuzi mmoja anakujaga kila siku ya sita, mwingine kila siku ya kumi. Siku gani wanakutana?"

Nikamsogezea mahindi. Akahesabu kwa punje, sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, thelathini. Kisha kumi, ishirini, thelathini. Akaweka kiganja juu ya punje. "Hapa. Magige aliandika hapa."

Mwanaupe alisema sitini nayo inafaa, sita mara kumi, na hana muda wa kusubiri mnada. Ni kweli inafaa, ila inakupa ishirini na nane juu ya sitini, na mwishoni unapunguza zaidi. Nilimwambia hivyo, akaguna.

Tukapanga punje thelathini mstari mmoja. Moja kati ya sita ya thelathini ni punje tano. Moja kati ya kumi ni punje tatu, basi tatu kati ya kumi ni tisa. Tano na tisa, kumi na nne. Mama Matiko alizisogeza moja moja hadi zikawa pamoja, akatazama picha, akatazama punje, akaanza kulia bila sauti. "Alikuwa sahihi," alisema. "Mwanangu alikuwa sahihi mpaka hapa."

Nikamfundisha na kurahisisha. Kumi na nne na thelathini zote zinagawanyika kwa mbili. Tukazifunga punje mbilimbili: jozi saba kati ya jozi kumi na tano. Punje ni zilezile, hakuna iliyopotea, na saba na kumi na tano hazina tena namba ya kuzigawa zote mbili isipokuwa moja. Hapo ndipo mwisho. Alielewa upesi kuliko darasa zima. Nikimwandikia sita juu ya nane, anasema tatu juu ya nne kabla sijaweka chaki chini.

Lakini ya Magige hakuimaliza.

Alikuja kila alasiri, akaegemeza picha kwenye pembe ya ubao wangu, akaandika mstari wote kwa mkono wake, moja juu ya sita, tatu juu ya kumi, hadi kumi na nne juu ya thelathini, akaweka vile vijiti viwili, akaketi. Mwanzoni nilidhani amesahau. "Gawa kwa mbili, Mama." Anasema, "Najua." Mimi ni mtu wa haraka na jambo lile lilinikereketa vibaya. Mbaya zaidi, likaniingia. Nilianza kuogopa kuandika nikiwa nimeligeuzia darasa mgongo, maana kwa pembe ya jicho niliona mgongo mwingine nao unaandika. Nilimaliza kila hesabu kwa sauti kubwa kama mwehu. Siku moja upepo wa ziwa uliiangusha picha kifudifudi, na darasa zima, pamoja na mimi nisiye wa mizimu, tukaruka.

"Unangoja nini?" nilimuuliza siku hiyo wenzake walipoondoka.

"Mtoto akimaliza hesabu anafanyaje, Mwalimu?"

"Anaweka chaki chini, anarudi kukaa."

"Anaondoka ubaoni," alisema. "Sasa hivi kila nikilala yuko. Mgongo, lakini yuko."

Nilikunja virago vyangu nikaenda zangu, na nililia njiani.

Kisha Matiko akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akakataa ziwa la mama yake. Kwao jina linatafutwa hivi: bibi anamshika mtoto, mama anampa ziwa, wanataja majina ya marehemu wa ukoo, na jina atakaloshika nalo ziwa ndilo lake. Walitaja ya upande wa baba, ya upande wa mama, wazee waliokufa zamani hata sura zao hakuna azijuaye. Mtoto alipiga kelele. Waganga wa hospitali ya bomani walimtazama wakasema ana afya, ajaribiwe tena. Akawa anakonda. Kila mtu ukoo mzima alijua jina gani halijatajwa, na hakuna aliyethubutu, kwa sababu Mama Matiko alikuwa amelikataza.

Matiko alinifuata barazani, mtoto kamfunga kifuani, sauti ya kilio imekwisha kuwa nyembamba. "Mwalimu, mwambie mama. Anasema Magige hawezi kuitwa, bado yuko kazini."

Mama Matiko alikuwa pale pale, kwenye mkeka, na mstari wake ukiwa tayari ubaoni. Alisikia. Darasa zima lilisikia. Nilitaka kumkaripia, kumwambia mtoto huyu anakufa na wewe unalinda picha, lakini nilipomtazama nikaona hana haja ya kuambiwa na mimi. Macho yake yalikuwa kwenye kichwa cha mjukuu, pale kwenye utosi palipobonyea.

Alisimama. Alijitwalia chaki mwenyewe. Mbele ya picha ya mwanawe aliyetupa mgongo, naye akatupa mgongo, akaandika saba taratibu, akapiga mstari, akaandika kumi na tano, ile tano ikiwa imeelekea sawasawa. Kisha akasema kwa Kizanaki neno ambalo sikulijua, la mtu anayesindikiza mgeni mpaka njia panda.

"Muite," alimwambia binti yake.

Matiko alitoa ziwa akasema, "Magige." Kilio kilikatika. Ukasikika mdomo mdogo ukinyonya, na Mwanaupe, yule mcheka watu, alipiga kigelegele huku akifuta machozi.

Kesho yake nilimuuliza Mama Matiko kama mwanawe amegeuka ndotoni.

"Hakugeuka," alisema. "Aliweka chaki, akatoka kwa mlango wa mbele. Sikuona hata shavu."

Hajamwota tena. Mtoto amenenepa, anatambaa, amevunja kikombe cha baba yangu, na anapendwa kupita kiasi. Bibi yake ndiye anayembeba, ndiye anayemwogesha. Lakini nimekaa kwao mara nyingi nikaona: Matiko akiita "Magige!" kutoka jikoni, Mama Matiko hutazama mlangoni kwanza, halafu ndipo humtazama mtoto aliye mapajani mwake.