Mlango wa Fundi Ndani ya Kioo

Shangazi yangu ni msanifu majengo, na mimi ndiye ninayemtengenezea picha kwa kompyuta kabla hata jiwe moja halijawekwa. Maktaba ya mtaa aliyokuwa anaisanifu ilimkaa moyoni kuliko jengo lolote: ukuta wa mbele wote vioo, ili anayepita barabarani aone watu wanasoma. Lakini kamati ya mtaa ilikuwa haijakubali. Mwenyekiti wake, fundi cherehani ambaye duka lake linatazamana na kiwanja, alisema vioo ni vya watu wanaotaka kujitenga. Picha ikimkera tena, atadai ukuta wa matofali.

Tena, kwa sababu nilishamkera. Kwanza niliongeza mng'ao wa vioo hadi jengo likawa mawingu matupu. Kisha nikauondoa, vioo vikapotea, maktaba ikaonekana kama nyumba iliyokimbiwa kabla ya kuisha. Shangazi hakunigombeza. Aliniambia tu nishuke barabarani nikatazame vioo vya watu, nami nikaenda nimenuna.

Nilisimama mbele ya duka la dawa. Jua lilikuwa linateremka, nikajiona kiooni nikielea kati ya chupa. Palipoangukiwa na taswira ya shati langu jeusi, dawa zilisomeka hadi majina. Kando yangu, mbingu ilipong'aa, sikuona kitu. Nikasogea pembeni na kutazama kwa mshazari, na duka lote likazama, ikabaki barabara ikitiririka polepole. Nilisahau nilichotumwa. Nilikuwa kama nimelala macho wazi, na nilikuwa na furaha.

Kumbe kosa langu lilikuwa nyuma ya mtazamaji. Kwenye kompyuta, ng'ambo ya barabara sikuwa nimejenga chochote. Vioo vyangu vilikuwa vinaakisi mbingu tupu. Nikaijenga ng'ambo yote: kuta, nguzo za umeme, duka la fundi na mlango wake wazi wenye giza. Ndani ya maktaba nikawasha taa, nikapanga meza na wasomaji. Vioo nikaviinamisha kidogo sana, kila kimoja kivyake, ili taswira za mapaa ya ng'ambo zikatike kwenye maungio. Juu mbingu ikabaki. Chini, palipoangukiwa na taswira ya kuta nyeupe, ndani kulififia. Palipoangukiwa na giza la mlango, ndani kulifunguka, ikaonekana taa na kichwa kilichoinamia kitabu.

Siku ya kikao fundi aliisogelea picha hadi pua ikakaribia kugusa. Alilitambua duka lake, maandishi yamegeuka kinyume, akatabasamu. Kisha akakunja uso. Nikaona alichokiona: nilijenga mtaa nikasahau wenye mtaa.

"Duka langu hili," alisema. "Mbona mwenyewe simo?"

Shangazi akaweka kidole penye giza la mlango, kando ya kile kichwa kilichoinama.

"Umevuka barabara, kaka. Uko ndani, unasoma."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akatazama tena.

"Basi hapo msiniwekee tofali," akasema.