Jibu Lililokatwa Kwenye Nukta

Nisemwe vibaya nitavumilia, lakini kitu kilichovunjika kikipakwa rangi kionekane kizima, hapo mtanisikia. Mwenzangu ofisini ananijua. Sisi wawili tunatengeneza programu ya simu inayojibu maswali ya wafugaji: unaandika tatizo la mnyama wako, jibu linashuka neno baada ya neno. Yeye tunamwita Nadhifu. Hata waya za kompyuta yake kazifunga kwa utepe, na kikombe chake hakijawahi kuacha alama mezani.

Kwa wiki nzima wafugaji walikuwa wakitulalamikia jambo moja: mtu anauliza, jibu linaanza kushuka, anafunga programu kabla halijaisha, na akirudi hakuna kitu. Swali lake lipo pale limenuna peke yake.

Sababu niliijua. Seva yetu ilikuwa ikipokea jibu vipandevipande na kuvirusha kwenye simu ya mtu, halafu mwisho kabisa, jibu likishatimia, ndipo inaliandika kwenye hifadhidata. Mtu akifunga programu, muunganisho unakatika, na ile kazi nayo inauawa palepale katikati. Ule mstari wa mwisho wa kuhifadhi haufikiwi kamwe. Ni sawa na mpishi anayemwaga sufuria nzima kwa sababu mgeni kaenda kunawa mikono.

"Hifadhi iwekwe mahali panapofikiwa hata kazi ikikatwa," nilimwambia Nadhifu asubuhi. "Na iwe kazi ya kujitegemea, isije ikauawa pamoja na nyingine."

"Nimekusikia, dada. Kabla ya chakula itakuwa tayari."

Kweli, mtu wa watu, alimaliza mapema. Niliikagua kazi yake, nikaijaribu kwa kuifunga simu yangu mara kadhaa, nusu ya jibu ikabaki kila mara. Nikampa heko. Akaipeleka kwenye seva ya majaribio, inayotumiwa na wafugaji wachache waliokubali maswali yao tuyaone. Mmoja wao ni mama mdogo wangu.

Mama mdogo ana ng'ombe mmoja. Msiseme mmoja tu. Tangu baba mdogo atutoke, yule ng'ombe ndiye anayemfanya aamke alfajiri, ndiye anayezungumza naye, na maziwa yake ndiyo yanayomlisha. Sisi watoto tumetawanyika, na tunajifanya hatulijui hilo.

Nikampigia na kuweka sauti ya nje, ili nimwombe ajaribu.

"We mtoto una miguu ya chakula!" alisema. "Sasa hivi tu nilikuwa naiuliza hiyo programu yenu. Ng'ombe kavimba tumbo upande wa kushoto, ngoma tupu. Jibu linashuka, na simu yako ikaingia, nikaifunga."

"Kwa nini uifunge, mama? Si ungepokea tu?"

"Nipokee huku bando linaliwa, utanilipia wewe? Simu ikilia mimi nafunga kila kitu."

Nadhifu alicheka akajiziba mdomo. Lilikuwa jaribio lenyewe, limejileta kwa miguu yake! Nikamwambia aifungue tena bila kukata simu, na baada ya kuhangaika kidogo na mtandao akapiga kigelegele.

"Lipo! Halijapotea!" Akatusomea: gesi imejaa tumboni, amwite daktari wa mifugo, na wakati anamsubiri anaweza kumnywesha mafuta ya kupikia, polepole, kupitia mdomoni. "Basi. Fupi na zuri. Ngoja nikachukue chupa."

Nadhifu alikuwa anatabasamu. Mimi kitu kilinikereketa. Jibu linalokatwa na simu haliishi vizuri hivyo. Vipande havijui nukta wala mkato. Mara zote nilipojaribu asubuhi neno la mwisho lilikuwa limekatika mkia. Hili limeisha kama barua ya afisa.

"Umegusa nini baada ya mimi kukagua?" nilimuuliza.

"Kidogo tu, dada. Lilikuwa linaishia vibaya, nusu neno linaning'inia. Nikaliambia lirudi nyuma hadi nukta ya mwisho, ndipo lihifadhiwe. Linapendeza zaidi."

Kwenye seva ya majaribio huwa tunaandika pembeni kila kipande kinachopita. Nilifungua. Baada ya neno "mdomoni" na nukta yake, vilikuwa vimeingia vipande vingine, na Nadhifu wa watu alikuwa amevifyeka: "Lakini kama ng'ombe amelala chini na hawezi kuinuka, usim"

"Mama! Mama mdogo! Ng'ombe amesimama au amelala?"

Chupa iligonga kitu.

"Mama!"

"Nipo, mbona unapiga kelele? Amelala. Tangu saa ile. Nimeshamshika taya."

"Usimpe! Usimpe mafuta! Yataingia kwenye mapafu. Weka chupa chini, mpigie daktari sasa hivi, mwambie amelala. Mkalishe kwa kifua, asilale ubavu."

Hakuuliza swali. Alikata simu.

Nikamgeukia Nadhifu. Nilikuwa na maneno ya kutosha kujaza gunia. "Funika kombe, mwanaharamu apite, sivyo? Hii nusu ya neno uliyoiona chafu ndiyo ilikuwa inamwambia mtu jibu halijaisha! Na kwenye hifadhidata umeliandikia 'limekamilika'!"

"Sikuwa na hali nyingine ya kuandika," alisema taratibu. "Tuna mbili tu. Limekamilika, au limeshindikana."

Hilo lilikuwa kweli, na mimi nilikagua asubuhi nikaliona nikapita. Hasira ikabaki bila pa kwenda. Nikavuta kiti, tukakaa pamoja. Tukaongeza hali ya tatu: limekatika. Maandishi yahifadhiwe yalivyofika, hadi herufi ya mwisho. Chini yake simu ionyeshe kwa herufi nzito kwamba jibu halikuisha, na kitufe cha kuendelea. Nadhifu mwenyewe ndiye aliyefuta mstari wa kurudi kwenye nukta. Alikuwa akitazama simu yangu kila mara.

Jua lilikuwa limeanza kupungua dirishani ilipolia.

"Daktari kaingiza mpira tumboni, gesi imetoka na kunuka kwake, we acha tu," mama mdogo alisema. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Kasimama. Ananitazama kama mimi ndiye niliyemvimbisha."

Nilishusha pumzi, nikajikuta na mimi nalia. Nadhifu aliegemea kiti, akafumba macho.

"Na huyo mwenzako yupo? Nataka kumshukuru. Zamani nikifunga nilikuwa nakuta patupu. Leo nimekuta jibu safi."

Ningeweza kuzipokea zile shukrani kwa niaba yake, yakaisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nadhifu akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Shikamoo, mama. Lile jibu lilikuwa na maneno mengine mbele, yanayosema akilala usimpe. Hukuyaona kwa sababu mimi niliyakata, lipendeze."

Upande wa pili tulisikia kwato zikiburuzwa, na daktari akiomba maji ya kunawa.

"Marahaba, mwanangu," alisema mama mdogo mwishowe. "Siku nyingine ukikata, niambie umekata."